Imeji ya diski nzima au mafaili tu? Kwanza tuliangalie hilo faili linalogoma

*"Fundi, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Majengo, Moshi. Kompyuta ni moja, ina Windows 10, programu ya mauzo na stoo, na diski ile ya zamani ya GB 500. Kila Jumamosi kijana wangu ananakili Documents, Desktop na folda ya programu ya mauzo kwenye eksteno. Kuna faili moja huwa linagoma, anabonyeza Skip, mengine yanaingia vizuri. Sasa fundi mwingine kaniambia hiyo ni kazi bure, nipige imeji ya diski nzima na niachane na mambo ya mafaili. Nimfuate?"*

Mama, hilo faili linalogoma, kwa jinsi ulivyoeleza, ndilo lenye duka lako lote ndani yake. Yale yanayoingia vizuri ni nembo, fomu za risiti na programu yenyewe, vitu ambavyo aliyekuuzia anaweza kukupa tena kesho. Mauzo, stoo na orodha ya wanaodaiwa hukaa kwenye faili moja kubwa la hifadhidata, na programu nyingi za dukani hutumia SQL Server Express kulitunza. Hilo ndilo kijana amekuwa akilibonyezea Skip kila Jumamosi.

Usiniamini kwa maneno. Chomeka eksteno kwenye kompyuta, ingia kwenye folda ya programu ya mauzo, panga mafaili kwa ukubwa. Tafuta linaloishia na `.mdf`. Kama halipo kabisa, jibu umelipata. Kama lipo, tazama tarehe yake: nimewahi kukuta ya siku ileile programu ilipowekwa kwenye mashine, miaka miwili nyuma, likiwa halina hata muuzo mmoja ndani.

Kijana hana kosa kubwa hapo. Pengine hata huifunga programu kabla ya kunakili, kama inavyotakiwa. Lakini kinacholishikilia faili hilo si dirisha analoliona. Ni huduma ya SQL Server inayowaka pamoja na Windows na kubaki nyuma ya pazia hata keshia akishaenda nyumbani. Usome ujumbe wenyewe unapotokea: kichwa chake ni `File In Use`, na chini yake huandikwa kuwa faili limefunguliwa na SQL Server. Ukifunga programu mara kumi, ujumbe utakuja mara kumi.

Kwa hiyo fundi mwenzangu amegundua tatizo la kweli, ila dawa aliyokupa inatibu ugonjwa mwingine.

Imeji ni nakala ya diski ilivyo: Windows, draiva, programu na mipangilio yake, pamoja na vile vipande vidogo vya kuwashia kompyuta ambavyo huvioni kwenye `This PC`. Ukiipiga kwa Clonezilla, ambayo ni ya bure, kompyuta inawashwa kwa flashi, Windows haijaamka, SQL Server haijaamka, basi hakuna faili lililoshikiliwa. Lile `.mdf` linaingia kama mengine. Hapo mwenzangu yuko sawa kabisa.

Faida yake utaiona siku diski ikifa. Bila imeji, kuirudisha kompyuta yako maana yake ni kufunga Windows upya, kutafuta draiva, kumpigia simu aliyekuuzia programu, kuomba leseni, halafu kuhangaika na printa ya risiti ambayo mara ya kwanza ilimla mtu siku nzima. Ukiwa na imeji unaweka diski mpya, unairudishia, na kwa saa moja au mbili kompyuta inawaka na printa inatoa risiti kama vile hakuna kilichotokea.

Ila inawaka ikiwa siku ileile ulipopiga imeji. Hapa ndipo watu wanapoumia, na mmoja wa walioumizwa nilimuumiza mimi mwenyewe.

Ilikuwa Desemba, wakati ndugu zetu wamepanda kutoka Dar na kila mtu anataka kumalizia nyumba. Mteja wangu wa vipuri, Kiborloni, akanipigia: umeme umekatika ghafla, umerudi, na Windows haiwaki, inazunguka tu na kujizima. Nilikuwa nimempigia imeji mwezi Oktoba, nikaenda nikijisifu njiani. Nikachomeka flashi, nikachagua `restoredisk`, nikajibu `y` mara mbili, na dakika arobaini baadaye kompyuta ikawaka safi. Akafungua mauzo. Ya mwisho yalikuwa ya Oktoba.

Diski yake haikuwa imekufa. Kilichoharibika ni mafaili machache ya Windows, na mauzo yote ya Novemba na Desemba yalikuwa yamekaa salama pale ndani mpaka dakika niliyojibu ile `y` ya pili. Kurudisha imeji hakuongezi kilichopungua. Kunaandika juu ya diski yote, kilichopotea na kilichokuwa kizima. Nilipaswa kwanza kuwasha kwa flashi ya Linux, kuvuta folda ya hifadhidata, ndipo nirudishe. Au kuitoa diski ile, kuiweka pembeni, na kurudishia kwenye nyingine. Tangu siku hiyo, mteja akiwa na uwezo wa kununua diski mpya, imeji siirudishii kwenye ya zamani. Ya zamani inakaa kwenye bahasha mpaka mwenye duka mwenyewe aseme kila kitu kipo.

Kwako, basi, hizi ni kazi mbili tofauti. Imeji inarudisha kompyuta, mafaili yanarudisha kazi ya jana. Kompyuta yako hubadilika mara chache kwa mwaka, kazi yako inabadilika kila mteja anapobeba mfuko wa saruji. Ukitaka imeji ifanye kazi zote mbili itabidi uipige kila jioni, na hilo hutalifanya.

Tuhesabu kidogo. Sema umetumia GB 140 kati ya zile 500. Clonezilla hunakili sehemu zenye kitu tu na kuzibana, basi imeji yako huenda ikawa GB 80 hivi, ikitegemea umejaza nini. Eksteno ya kawaida kwenye tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu, huandika kama MB 100 kwa sekunde, kwa hiyo kwa hesabu tupu ni chini ya nusu saa. Lakini diski kuukuu haisomi kwa kasi hiyo mwanzo hadi mwisho, wewe weka saa nzima. Muda wote huo kompyuta haiuzi. Nakala ya hifadhidata peke yake inaisha kwa dakika moja au mbili huku keshia anaendelea na wateja. Na kama siku moja utataka nakala ikae mbali na duka, kwenye intaneti yenye kasi ya kupandisha ya Mbps 5, nakala iliyobanwa ya MB 400 inapanda kwa dakika kama 11. Ile imeji ya GB 80 ingehitaji zaidi ya saa 35 bila kukatika. Kwa mtandao wetu na umeme wetu, usijaribu.

Sasa jinsi ya kulipata hilo faili bila kugombana nalo. Anza kwa kutafuta ndani ya programu ya mauzo kama kuna kitufe cha `Backup`. Programu nyingi zinacho, wenye maduka hawajawahi kukibonyeza. Kikiwepo, kitumie hicho. Kisipokuwepo, muulize aliyekuuzia jina la hifadhidata, kisha SQL Server yenyewe iombwe itoe nakala. Usiizime ili ulinakili `.mdf`, maana utasahau faili la `.ldf` linalokwenda nalo, au utasahau kuiwasha tena asubuhi. Kwa mfano jina likiwa Duka, hii ndiyo kazi nzima, imeandikwa kwenye faili la PowerShell:

```
$siku = (Get-Date).DayOfWeek
sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -b -Q "BACKUP DATABASE Duka TO DISK='C:\Bakapu\Duka-$siku.bak' WITH INIT, CHECKSUM"
robocopy C:\Bakapu E:\Bakapu /R:2 /W:5
```

Kabla ya yote tengeneza folda `C:\Bakapu`, maana SQL Server haitakutengenezea. Mstari wa kwanza unachukua jina la siku, hivyo utakuwa na nakala saba, Jumatatu hadi Jumapili, kila moja ikifutwa na mwenzake wa wiki inayofuata. Hiyo inakusaidia siku mtu akifuta wadaiwa kwa bahati mbaya Jumanne nawe ukagundua Alhamisi. Mstari wa pili unaiambia SQL Server itoe nakala huku ikiendelea na kazi, na ukifanikiwa utasoma `BACKUP DATABASE successfully processed`. Ukisoma `Operating system error 5`, maana yake ile huduma haina ruhusa ya kuandika kwenye `C:\Bakapu`. Anayeandika hapo ni huduma, si wewe uliyekaa kwenye kiti, kwa hiyo ruhusa ipewe huduma. Mstari wa tatu unapeleka kwenye eksteno, na herufi `E:` ibadilishe iwe ile ya eksteno yako. Hizo `/R:2 /W:5` usiziache, kwa sababu robocopy ikikuta faili lililoshikiliwa hujaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Kuna mtu aliniita akisema bakapu yake imekuwa nzito siku hizi. Ilikuwa imekwama kwenye faili moja tangu juzi yake.

SQL Server Express haina kipanga ratiba chake, basi kazi hiyo iweke kwenye `Task Scheduler` ya Windows, saa moja jioni, kabla hamjafunga. Documents na Desktop kijana aendelee nazo Jumamosi kama kawaida, hazina shida.

Imeji nayo uipige, mara moja sasa, wakati diski bado inasoma. Baada ya hapo isifuate kalenda. Ifuate mabadiliko: umefunga toleo jipya la programu ya mauzo, umebadilisha printa, umeongeza kompyuta ya pili kwenye mtandao wa duka, piga nyingine. Sababu yake ni hii. Tuseme imeji ni ya Septemba, Novemba aliyekuuzia programu akaja kuipandisha toleo, na diski ikafa tarehe 18 Desemba. Unaweka diski mpya na kurudishia imeji: kompyuta inawaka, bei ya saruji ni ya Septemba, stoo ya Septemba. Hiyo si shida, unarudishia juu yake nakala ya jana jioni na kila kitu kinasogea mpaka tarehe 17. Ila programu iliyo kwenye imeji ni ile ya zamani, na hifadhidata ya jana imeshapangwa kwa mtindo wa toleo jipya. Programu itakataa kuifungua, au mbaya zaidi itaifungua na kuanza kutoa hesabu za ajabu. Kwa hiyo panga hatua hivi: imeji kwanza, toleo la programu lilingane, ndipo nakala ya hifadhidata.

Kuhusu kuipiga, Clonezilla yenyewe inakuongoza kwa maswali: `device-image`, kisha `local_dev`, kisha `savedisk`, na mwisho inauliza kama ikague imeji iliyotoka, jibu ndiyo, hata kama inaongeza muda. Makwazo ni matatu, na yote yako nje ya maswali hayo.

La kwanza, Windows 10 mara nyingi haizimiki kikweli unapobonyeza kuzima. Inalala nusu ili kesho iwake haraka, na Clonezilla ikikuta diski katika hali hiyo inaweza kugoma kuisoma. Izime kwa amri hii:

```
shutdown /s /t 0
```

La pili ni ukubwa wa diski mpya. Kwa kawaida Clonezilla inataka diski ya kurudishia isiwe ndogo kuliko ya awali, hata kama GB 360 za awali zilikuwa tupu. Watu hununua SSD ya GB 480 kwa sababu bei imependeza, wanarudi nyumbani, inakataa. Yako ni 500. Nunua ya 500, 512 au zaidi. Na kwa kweli usisubiri hiyo ya zamani ife: piga imeji, rudishia kwenye SSD mwezi huu, utapata kompyuta yenye kasi na wakati huohuo utakuwa umehakikisha kuwa imeji yako inafanya kazi. Ile diski ya zamani iweke kabatini.

La tatu, kama diski imefungwa kwa BitLocker, Clonezilla haioni kilicho tupu na kilichojaa, inanakili GB zote 500, na siku ya kurudisha unaweza kuulizwa ufunguo ambao hujui uliuandika wapi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `manage-bde -status C:`, usome mstari wa `Conversion Status`. Ikiwa `Fully Decrypted`, endelea. Ikiwa imeandikwa kingine, ufunguo wa kurejesha uandikwe karatasini kabla ya jambo lingine lolote.

Na unapofika kuchagua diski, soma jina la kampuni na ukubwa, usitegemee `sda` na `sdb`. Herufi hizo zinaweza kubadilishana ukichomeka eksteno kabla au baada. Ukikosea wakati wa kupiga imeji, unapoteza muda. Ukikosea wakati wa kurudisha, unaandika juu ya eksteno yenye bakapu zako.

Kuna mahali imeji haitakufaa hata iwe nzuri namna gani, na wewe unapasogelea. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo huenda karibuni utanunua kompyuta nyingine. Imeji ya mashine hii usijaribu kuimwaga kwenye mashine mpya. Wakati mwingine inawaka, wakati mwingine inakupa skrini ya bluu imeandikwa `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE` kwa kuwa draiva ya kusomea diski si ile. Na hata ikiwaka, leseni ya Windows iliyofungwa kwenye mazabodi ya zamani haiji nayo, na umebeba Windows ileile uliyotaka kuiacha. Pale ni kufunga programu upya kwa utaratibu na kurudishia `.bak`. Angalia tu kwamba SQL Server ya mashine mpya isiwe ya toleo la chini kuliko ya zamani, maana nakala hairudi nyuma.

Wala usiikimbilie imeji ukitafuta faili moja la Excel lililofutwa kwa bahati mbaya. Imeji ya Clonezilla haifunguki kama folda. Utalazimika kuirudisha yote kwenye diski ya pembeni ili uchukue karatasi moja.

Nani imeji peke yake inamtosha? Chuo cha kompyuta chenye mashine ishirini za aina moja, ambazo wanafunzi huziharibu kila muhula na hakuna kazi ya mtu inayokaa ndani. Imeji moja, mashine zote. Wewe si huyo.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, mimi au mwenzangu, nunua eksteno ya pili. Moja ibaki dukani ikipokea nakala ya kila jioni, nyingine ikae nyumbani, zote mbili zikiwa na imeji, mzibadilishe kila Jumamosi. Ya dukani ichomolewe baada ya kazi ya jioni kuisha: virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa hufunga kila diski viliyoikuta imechomekwa, na bakapu yako kwao ni folda kama folda nyingine. Kwenye kila eksteno bandika plasta, uandike kwa kalamu tarehe ya imeji na toleo la programu ya mauzo lililokuwepo siku hiyo.

Halafu mwambie kijana achukue `.bak` ya Ijumaa, airudishie kwenye laptopu nyingine yenye SQL Server na programu hiyohiyo, na atafute risiti ya mwisho ya Ijumaa kabla ya saa moja jioni. Akiikuta na kiasi kikalingana na karatasi iliyo dukani, mnayo bakapu. Asipoikuta, nipigie kabla ya Jumamosi inayofuata.